Kupima uwanja wa shule kwa kamba, vigingi na futikamba: njia za mbio, mpira wa miguu na netiboli

Kila UMITASHUMTA na UMISSETA zinapokaribia, walimu wapya wa michezo huniuliza maswali yale yale. Upinde unachorwaje ukae sawa? Wa njia ya sita aanzie wapi? Kwa nini kiwanja changu cha mpira kimekaa upande? Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo leo naandika kazi nzima toka kigingi cha kwanza.

Mfano tutakaoufuata ni eneo la shule lenye urefu wa mita 180 na upana wa mita 95, nyasi au udongo, bila ukingo wa zege. Humo tutapata mzunguko wa mita 400 wenye njia sita, kiwanja cha mpira wa miguu cha mita 100 kwa 64 ndani yake, na kiwanja cha netiboli nyuma ya goli moja. Vyote vitatu vinaning'inia kwenye mstari mmoja wa katikati, ambao mimi nauita uti wa mgongo. Wengi hukosea kwa sababu huanza na kona ya kiwanja cha mpira, kisha wanajaribu kukizungushia mbio. Anza na uti wa mgongo na mbio, mpira utajipanga wenyewe.

Soma hili kwanza: namba za kwenye vitabu

Utakuta imeandikwa kwamba upande ulionyooka wa uwanja wa mita 400 ni mita 84.39 na nusukipenyo cha upinde ni 36.50. Namba hizo ni sahihi kwa uwanja wenye ukingo ulioinuka upande wa ndani, ambako umbali wa njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo. Wewe huna ukingo, una mstari wa chokaa tu. Kwenye mstari, umbali hupimwa sentimita 20 kutoka ukingo wa nje wa mstari, kwa sababu mkimbiaji anausogelea zaidi. Ukinakili 84.39 kwenye nyasi, mzunguko wako utapungua sentimita 63, na muda wa kijana wako utaonekana mzuri kuliko ulivyo.

Kwa hiyo tutabaki na nusukipenyo cha 36.50, lakini upande ulionyooka tutaufanya mita 84.72. Jumla inakuja mita 400 na sentimita 3. Kuzidi kidogo hivyo kunaruhusiwa, kupungua hakuruhusiwi.

Vitu vya kuwa navyo

- Futikamba ya mita 50. Ya mita 30 inawezekana, ila utateseka.
- Kamba nyembamba isiyovutika, angalau mita 200.
- Vigingi 60 hivi vya mti, vilivyochongwa ncha.
- Vipande vitatu vya nondo ya milimita 12, kila kimoja sentimita 50.
- Misumari mirefu, nyundo, panga la kufyekea.
- Chokaa iliyozimwa, ndoo, brashi, na mbao mbili nyembamba zilizogongwa sambamba zikiacha mwanya wa sentimita 5. Huo mwanya ndio upana wa mstari wako.
- Watu wanne. Watatu wanatosha kwa shida, wawili hawatoshi.

Kuhusu chokaa: mistari saba ya mbio peke yake ni karibu kilomita 3. Paka kwanza mita 20, uone ndoo moja imeishia wapi, ndipo ujue utanunua mifuko mingapi. Usitumie chokaa isiyozimwa, inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Hata iliyozimwa, wanafunzi wasiishike kwa mikono mitupu wala wasiimwage upepo ukivuma. Oili chafu ya magari, ambayo bado naiona mashuleni, achana nayo kabisa. Inaua nyasi, inachafua sare, na ukikosea haifutiki.

Pima vifaa kabla ya kupima uwanja

Fungua kichwa cha futikamba uangalie sifuri iko wapi. Nyingine sifuri inaanzia kwenye ukingo wa pete, nyingine inaanza sentimita kadhaa ndani. Mwaka mmoja niliazima futikamba iliyokatika kichwa ikaungwa kwa gundi, sentimita 20 za mwanzo hazikuwepo, nami sikuangalia. Kila kipimo kilipungua sentimita hizo 20: mara nne kwenye pande zilizonyooka, na kwenye nusukipenyo cha pinde zote mbili. Mzunguko ukapungua zaidi ya mita 2, na nikaja kugundua chokaa imeshakauka. Kichwa kikiwa kibovu, shika alama ya mita 1 na utoe mita 1 kwenye jibu.

Kamba nayo ina tabia zake. Manila ya nailoni inavutika ukiikaza. Katani hujifupisha ikilowa, kwa hiyo uliyoipima jioni ikiwa kavu si ile utakayoikuta asubuhi yenye umande. Kanuni yangu ni kwamba kamba ni ya kunyoosha mstari, futikamba ni ya kupima. Kwenye upinde pia tumia futikamba yenyewe kama unayo. Kama huna budi kutumia kamba, ipime upya dhidi ya futikamba kabla ya kila mzunguko, ikiwa imekazwa kwa nguvu ile ile utakayotumia.

Hatua ya 1: Uti wa mgongo

Chagua uelekeo wa urefu wa uwanja. Kaskazini-kusini ni bora, ili golikipa asipigwe na jua la jioni usoni. Fyeka, sawazisha vichuguu, kisha simama katikati ya eneo na upigilie nondo ya kwanza. Hiyo ni K, kati.

Pigilia kigingi kirefu mwisho mmoja wa eneo na kingine mwisho wa pili, vyote vikilingana na K. Mtu mmoja achuchumae nyuma ya kigingi cha mwisho, afumbe jicho moja, aelekeze wenzake mpaka vigingi vyote vifichwe na kimoja. Funga kamba toka mwisho hadi mwisho, ikaze, ikae juu ya nyasi kidogo.

Toka K pima mita 42.36 kwenye kamba hiyo kwenda kila upande na upigilie nondo A na nondo B. Sasa A na B zimeachana mita 84.72. Kila kipimo kimetosha ndani ya futikamba moja ya mita 50, na ndiyo sababu ya kuanzia kati.

A na B ndizo roho ya kazi yote. Ukishamaliza kupaka, zizamishe sentimita 15 chini ya udongo na kuzifukia. Zitaangukia ndani ya eneo la penalti, mita 7.64 mbele ya mstari wa goli, na nondo iliyochomoza hapo itavunja mguu wa mtu.

Hatua ya 2: Kona nne za mbio

Hapa tunahitaji pembe mraba pale A na pale B. Mafundi wa ujenzi wanaijua kwa jina la tatu-nne-tano. Tutaikuza mara nne, kwa sababu pembetatu ndogo inazaa kosa kubwa mbeleni.

Mtu wa kwanza ashike sifuri ya futikamba pale A. Wa pili aende kwenye uti wa mgongo kuelekea K, ashike alama ya mita 16 juu ya kamba. Wa tatu ashike alama ya mita 36 na kutoka nje upande wa kulia. Alama ya mita 48 irudi kwa mtu wa kwanza pale A. Wote wakaze. Aliposimama wa tatu ni mita 12 kutoka A, na pembe iliyopo A ni mraba. Pigilia kigingi hapo.

Sasa nyoosha kamba toka A ipite kwenye kigingi hicho iende mbele, na upime mita 36.50 toka A. Hapo ni kona ya kwanza. Fanya hivyo upande wa pili wa A, kisha pande zote mbili za B. Una kona nne.

Usiziamini bado. Toka K hadi kila kona lazima iwe mita 55.92. Futikamba haifiki, kwa hiyo nyoosha kamba toka K hadi kona, weka alama kwenye mita 50, na umalizie 5.92. Kosa la sentimita 2 lisogeze kwa mkono. Kosa la sentimita 10 maana yake pembe mraba haikuwa mraba, kwa hiyo rudi mwanzo wa hatua hii. Namba zote nne zikikubaliana, pumzika, kunywa maji, sehemu ngumu imeisha.

Kuna mtego mmoja wa ardhi. Ukipita juu ya kilima au bonde, futikamba ikilala ardhini inapima mgongo wa kilima, na umbali wa kweli unapungua. Inyanyue iwe tambarare, na pale chini ishushe kwa jiwe lililofungwa uzi.

Hatua ya 3: Pinde mbili

Kosa la kwanza hapa ni kufunga kamba kwenye kigingi kinene. Ukizunguka nusu duara, kamba inajiviringisha kwenye kigingi. Kigingi chenye unene wa sentimita 5 kinakula karibu sentimita 8 za nusukipenyo kabla hujamaliza. Ndiyo maana A na B ni nondo nyembamba. Tengeneza kitanzi cha waya kinacholegea, kizunguke nondo bila kuviringika.

Toka A, ukiwa na mita 36.50, anza kwenye kona moja na zunguka kwenda kona ya pili, ukipigilia msumari au kigingi kidogo kila baada ya mita 2. Futikamba iwe tambarare na imekazwa kila mara. Katikati ya upinde utavuka uti wa mgongo, na hapo toka K inatakiwa iwe mita 78.86. Upinde ukimalizika juu ya kona ya pili barabara, umefaulu. Rudia toka B.

Kisha njia nyingine. Kila njia ni mita 1.22, na nusukipenyo cha mistari inayofuata ni 37.72, 38.94, 40.16, 41.38, 42.60 na 43.82. Kwenye pande zilizonyooka, pima umbali huo huo toka kwenye uti wa mgongo, au ongeza 1.22 toka mstari uliotangulia. Mimi napendelea uti wa mgongo, maana ukiongeza mara sita kosa dogo nalo linaongezeka mara sita.

Na sasa jambo ambalo karibu kila mgeni hulikosea. Namba hizi zote ni za ukingo wa nje wa mstari. Chokaa inakaa upande wa ndani wa misumari, sentimita 5 kuelekea uti wa mgongo. Ukipaka upande wa nje, nusukipenyo kinaongezeka sentimita 5 na mzunguko unaongezeka sentimita 31. Waambie wapakaji mapema, tena kwa sauti, kwa sababu ukigeuka tu watabadilisha.

Hatua ya 4: Mstari wa kumalizia na vianzio

Wanariadha hukimbia mkono wa kushoto ukiwa ndani. Ukisimama upande wa watazamaji ukitazama uwanja, watapita mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari wa kumalizia uweke mwisho wa upande huo ulionyooka, pale upinde unapoanza, mkono wako wa kulia. Tuuite mwisho wa B.

Mita 100: upande ulionyooka ni 84.72, kwa hiyo kianzio kinarudi nyuma mita 15.28 kabla ya mwanzo wa upande huo, mwisho wa A. Njia zote sita ziendelee kunyooka kwenda nyuma hapo, na ziache mita 3 za ziada kwa wanaojiandaa. Mbele ya mstari wa kumalizia acha angalau mita 17 bila mti, jiwe wala watazamaji.

Mita 400: wa njia ya kwanza anaanzia kwenye mstari wa kumalizia. Wengine wanasogea mbele ndani ya upinde wa B, kwa sababu njia za nje ni ndefu. Kwenye uwanja wa mstari bila ukingo, kila njia inazidi iliyo ndani yake kwa mita 7.67. Jedwali linalozunguka kwenye simu, lenye 7.04 kwa njia ya pili, ni la uwanja wenye ukingo. Usilitumie.

Kupima mita 7.67 kwa kufuata upinde ni kazi ya kuchosha, na futikamba haipendi kulala kwenye mviringo. Njia rahisi ni kuivuta moja kwa moja. Simama kwenye mstari wa kumalizia, ndani ya njia husika, sentimita 20 nje ya mstari wake wa ndani. Mwenzako aende mbele kwenye upinde, naye akae sentimita 20 nje ya mstari huo huo wa ndani. Vuta futikamba inyooke mpaka isome hivi:

- Njia ya 2: mita 7.65
- Njia ya 3: mita 15.23
- Njia ya 4: mita 22.69
- Njia ya 5: mita 29.97
- Njia ya 6: mita 37.06

Weka alama. Kisha funga kamba kwenye nondo B, ivute ipite juu ya alama, na upake kianzio kwa kufuata kamba hiyo. Mstari wa kuanzia lazima uelekee B, la sivyo mmoja atasimama amekaa upande.

Mita 200: wa njia ya kwanza anaanzia mwisho wa upande wa pili, pale upinde wa A unapoanza. Vuta vilevile toka hapo, safari hii kamba ikielekea A: njia ya 2 mita 3.83, ya 3 mita 7.65, ya 4 mita 11.46, ya 5 mita 15.24, ya 6 mita 19.00.

Namba hizi za kuvuta moja kwa moja ni za nusukipenyo cha 36.50 tu. Ukibadilisha upinde, zinabadilika.

Hatua ya 5: Kiwanja cha mpira

Sasa utaona faida ya uti wa mgongo. Huhitaji pembe mraba mpya hata moja.

Nyoosha kamba kwenye ukingo wa ndani wa mbio, upande mmoja ulionyooka, na uiongeze mita 7.64 kupita kila kona. Sogea mita 4.50 kuelekea ndani, kote sawa. Huo ni mstari wa pembeni, mita 32 toka uti wa mgongo na mita 100 kwa urefu. Fanya upande wa pili. Unganisha ncha, nawe una mistari ya magoli. Hakikisha mstari wa goli unakata uti wa mgongo mita 50 kamili toka K, na kwamba kila kona ya kiwanja ni mita 59.36 toka K. Kutoka kona hizo hadi kwenye mbio inabaki nafasi ya mita 3 na nusu hivi, inayomtosha mpigaji wa kona.

Nguzo za goli ziachane mita 7.32 toka uso wa ndani hadi uso wa ndani, yaani 3.66 kila upande wa uti wa mgongo. Toka uso wa ndani wa kila nguzo pima 16.50 kwenda nje na 16.50 kwenda ndani ya uwanja, upate eneo la penalti. Watu wengi hupima toka katikati ya goli na kushangaa boksi limekuwa dogo. Boksi dogo la golikipa ni vivyo hivyo kwa mita 5.50. Nukta ya penalti iko mita 11 toka mstari wa goli, juu ya uti wa mgongo.

Duara la kati lichore toka K kwa mita 9.15. Nusu mwezi wa mbele ya boksi unachorwa kwa mita 9.15 hizo hizo, lakini toka nukta ya penalti, si toka kwenye mstari wa boksi. Ukiuchora vizuri, unagusa mstari wa boksi mita 7.31 kila upande wa uti wa mgongo. Kona nne zina robo duara ya mita 1. Mistari ya mpira inaweza kuwa minene mpaka sentimita 12, lakini sentimita 10 inatosha na inaokoa chokaa. Hapa pia mstari ni sehemu ya eneo lake, kwa hiyo vipimo viishie ukingo wa nje.

Hatua ya 6: Netiboli nyuma ya goli

Netiboli ni mita 30.50 kwa 15.25. Angalia namba hizo vizuri: urefu ni upana mara mbili. Kiwanja chote ni miraba miwili iliyobandikwa pamoja, na uti wa mgongo utapita katikati yake.

Nenda nyuma ya goli la upande wa A. Toka mstari wa goli pima mita 5.50 kwenye uti wa mgongo na upigilie kigingi, kisha ongeza 15.25 na upigilie cha pili. Toka kila kigingi pima 15.25 kulia na 15.25 kushoto, sambamba na mstari wa goli. Kona kwa kona katika kila mraba lazima iwe mita 21.57. Hapo ukiacha mita 3.05 za nafasi kuzunguka kiwanja chote, bado umo ndani ya upinde wa mbio, ila pembe mbili za nafasi hiyo zinabakiza sentimita chache tu kuugusa. Kwa hiyo usisogeze kiwanja hata nusu mita kuelekea kwenye upinde.

Gawanya urefu sehemu tatu kwa kupima mita 10.17 toka kila mwisho. Katikati chora duara lenye nusukipenyo cha sentimita 45. Kila mwisho, katikati ya mstari mfupi, yaani mita 7.625 toka kona, ndipo nguzo inapokaa, na toka hapo chora nusu duara ya mita 4.90. Mistari isizidi sentimita 5. Nguzo ni mita 3.05 kwenda juu.

Netiboli na mpira visichezwe kwa wakati mmoja, hata kama goli lina wavu. Shuti likipita juu ya mwamba linatua kwa wasichana.

Kama eneo lako ni dogo

Mzunguko wa mita 200 wenye njia nne unaingia kwenye eneo la mita 90 kwa 47. Nusukipenyo kiwe 18.00 na upande ulionyooka 42.83. Hatua ni zile zile. Kwa mzunguko mmoja mzima, kila njia bado inazidi iliyo ndani yake kwa mita 7.67, maana tofauti hiyo inatokana na upana wa njia, haitokani na ukubwa wa uwanja. Ila hapa upime kwa kufuata upinde, kwa sababu namba za kuvuta moja kwa moja nilizotoa juu hazifai. Ndani yake hakuna kiwanja cha mpira cha wakubwa.

Mambo yakienda vibaya

*Upinde haufiki kwenye kona, umepita nje au umeishia ndani.* Kama ulianza sawa na ukakosea mwishoni, kamba imejiviringisha kwenye nondo au imevutika. Kama umekosea tangu mwanzo, kona haiko 36.50 toka A. Pima hiyo kwanza.

*Kona mbili za upande mmoja ziko mbali na K, mbili za upande wa pili ziko karibu.* K, A na B haziko kwenye mstari mmoja na vigingi vya mwisho. Kamba imesukumwa na upepo au imegusa kichuguu. Lenga upya kwa jicho.

*Pale upande ulionyooka unapokutana na upinde kuna kiwiko.* Mistari ya pande zilizonyooka haiko sambamba na uti wa mgongo. Usikifiche kiwiko kwa brashi. Pima umbali wa mstari toka uti wa mgongo sehemu tatu.

*Njia moja imebanwa kuliko nyingine.* Mpakaji mmoja amepaka nje ya misumari na mwenzake ndani.

*Wakimbiaji wa njia za nje wanashinda kila mara kwenye mita 400.* Umewasogeza mbele mno. Mara nyingi mtu amevuta futikamba moja kwa moja akitumia 7.67, 15.33, 23.00, 30.66 na 38.33, ambazo ni za kufuata upinde. Njia ya sita inapata zawadi ya zaidi ya mita 1.

*Mvua imefuta kila kitu.* Kama nondo zipo, utarudisha mbio kwa nusu siku. Ili uzipate, siku ile ile ya kwanza pima umbali toka A hadi vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona ya darasa na shina la mwembe, na uandike namba hizo. Fanya hivyo kwa B na K pia. Muhula ujao, chora vipande viwili vya duara kwa namba hizo, na pale vinapokatana chimba. Karatasi ya vipimo ikae kwenye faili la michezo ofisini, na nakala yake ukutani stoo ya vifaa, kwa sababu mwalimu akihama huwa anahama na daftari lake.